Hesabu za kibanda cha barafu zinagoma usiku wa giza tu, mbalamwezi zinakaa sawa. Nisaidieni wakuu

kijana_wa_sahare

Wadau habari za usiku. Nina kamfumo nilikatengeneza mwenyewe kwa ajili ya shangazi yangu, anauza barafu huku Tanga upande wa Deep Sea, wateja wake ni boti za dagaa na wale wanunuzi wanaokuja na matenga yao usiku kujaza kabla ya kusafirisha. Databesi ni MySQL, kila mauzo yanaingia na muda wake kwenye `created_at`, alafu asubuhi shangazi anafungua ripoti ya jana kwenye simu analinganisha na pesa ya kwenye droo. Droo inahesabiwa saa sita usiku kamili, zamu ya mchana inatoka ya usiku inaingia.

Sa shida iko hivi. Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025 droo ilikuwa na 1,625,000, mfumo unasema 1,530,000. Yani pesa imezidi 95,000. Jumapili tarehe 21 droo ina 1,470,000 mfumo unasema 1,590,000, imepungua 120,000. Na inaenda hivyo siku nyingi, leo inazidi kesho inapungua. Shangazi kwake ikizidi ni riziki anatia kwenye kibubu, ikipungua anamkata kijana wa dukani. Dogo kashakatwa hiyo 120,000 na analia kwamba hajachukua hata mia.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba wiki ya mbalamwezi, kama ile ya tarehe 7 mwezi ulipopatwa, hesabu zote zilikaa sawa kabisa. Giza likirudi na shida inarudi. Nimeangalia kodi yangu mpaka macho yameuma sioni kitu.

mzee_wa_raskazone

Mwanangu hapo ni saa zetu na saa za kizungu tu. Kijana akiandika saa saba yeye anamaanisha saa saba ya usiku, mashine inaelewa saa saba ya asubuhi ya kizungu. Mwambie aweke saa ya simu vizuri. Haya mambo yalitusumbua sana sisi tulivyokuwa tunasafiri na majahazi, mtu anakwambia tunang'oa nanga saa kumi, unakuja saa kumi yako unakuta wameshaondoka.

kijana_wa_sahare

Mzee shikamoo. Hapana, muda haandiki mtu, mfumo unajiwekea wenyewe akibonyeza uza.

bi_chuda

Hilo la mbalamwezi limenichekesha ila ndo limesema kila kitu. Boti za dagaa hazitoki mbalamwezi ikiwa kali kwa sababu taa hazivuti samaki, kwaiyo usiku huo hamna mauzo ya barafu. Maana yake kinachokosewa ni mauzo ya usiku peke yake. Na ukitaka kujua ni usiku wa saa ngapi, nadhani ni kuanzia saa sita mpaka saa tisa usiku, si kabla wala si baada.

Usichezee kodi kwanza. Katafute risiti moja ya EFD ya usiku huo, ya kwenye karatasi, iliyotoka kati ya saa sita na saa tisa, soma muda wake alafu itafute hiyo hiyo kwenye databesi utuwekee vyote viwili hapa.

fundi_makorora

Kaka usipoteze muda, seva yako iko kwenye saa za ulimwengu, UTC. Ingia ubadilishe iwe Africa/Dar_es_Salaam, uwashe upya, umemaliza. Mi nimefanya hivyo kwenye duka la spea na hatujawahi kulalamika.

kijana_wa_sahare

Nimerudi. Nimechambua risiti zimeloa maji ya barafu nusu zimefutika ila moja inasomeka vizuri. Karatasi imeandikwa 20/09/2025 saa 01:12, barafu 6 na jumla 24,000. Kwenye databesi mauzo hayo hayo yana `2025-09-19 22:12:00`. Kumbe iko nyuma masaa matatu na imeangukia Ijumaa!!

bi_chuda

Ndo hivyo. Sa twende taratibu na namba zako mwenyewe.

Seva inaandika saa za ulimwengu, sisi tuko mbele masaa matatu. Siku ya seva inaanza ikiwa huku kwetu ni saa tisa usiku na inaisha saa tisa usiku ya pili yake. Shangazi yako siku yake inaanza saa sita usiku. Kwaiyo kila siku ripoti inapoteza masaa matatu ya mwanzo, yanapewa siku ya jana, na inaazima masaa matatu ya kesho. Hebu nitolee jumla tatu: mauzo ya saa sita mpaka saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, ya kuamkia Jumapili na ya kuamkia Jumatatu.

kijana_wa_sahare

Kuamkia Jumamosi 385,000. Kuamkia Jumapili 290,000. Kuamkia Jumatatu 410,000.

bi_chuda

Haya. Jumamosi kuanzia saa tisa usiku mpaka saa sita usiku uliuza 1,240,000. Ukiongeza 385,000 zake za usiku unapata 1,625,000, ndo pesa ya droo. Ila mfumo ule 385,000 umeipa Ijumaa, badala yake umechukua 290,000 ya Jumapili, 1,240,000 na 290,000 ni 1,530,000. Tofauti ya 385 na 290 ni hiyo 95,000 yenu ya riziki.

Jumapili hivyo hivyo, imetoa 290,000 imechukua 410,000, ripoti ikavimba 120,000 na kijana akakatwa. Hakuna pesa iliyopotea wala iliyozidi, ni ripoti imekata siku mahali pasipo pake. Usiku mbili zikiwa na mauzo sawa au zote hazina kitu, tofauti inakuwa sifuri, ndo maana mbalamwezi hamkuona kitu ila kosa lilikuwepo siku zote.

Na ukijumlisha mwezi mzima utaona karibu sawa, kinachohama ni masaa matatu ya mwanzo wa mwezi na matatu ya mwanzo wa mwezi unaofuata tu. Ndo hatari yake, mhasibu anayeangalia mwezi hawezi kuliona.

kijana_wa_sahare

Nimetetemeka aisee. Nimefanya haraka haraka hivi lakini namba hazijabadilika hata moja??

```sql
SELECT DATE(created_at) + INTERVAL 3 HOUR AS siku, SUM(kiasi)
FROM mauzo
GROUP BY siku;
```

bi_chuda

Umeshakata mkate ndo unaupaka siagi. `DATE()` imeshaitupa saa, imebaki tarehe ya UTC, masaa matatu unayoongeza hapo yanaifanya tu isome saa tisa usiku ya siku ile ile, makundi ni yale yale. Geuza muda kwanza, tarehe utoe baadaye:

```sql
SELECT DATE(CONVERT_TZ(created_at, '+00:00', '+03:00')) AS siku,
       SUM(kiasi) AS jumla
FROM mauzo
GROUP BY siku;
```

kijana_wa_sahare

1,625,000!!! na Jumapili 1,470,000. Bi Chuda Mungu akuweke. Nakimbia kumwambia dogo.

fundi_makorora

Si nilisema ni UTC. Angebadilisha seva tu asingeandika hayo yote.

bi_chuda

Fundi ugonjwa umeutaja sawa, dawa ndo sikubaliani nayo. Kolamu ikiwa ni `DATETIME` ukibadilisha saa ya seva leo, mauzo ya zamani hayaguswi, yanabaki UTC, mapya yanaanza kuingia kwa saa za Tanzania. Sa unakuwa na aina mbili za muda kwenye kolamu moja na hakuna alama inayokwambia hii ni ipi. Wewe duka la spea linafungwa jioni, saa sita mpaka saa tisa usiku hamna mtu, hata ungekosea usingejua.

fundi_makorora

Hapo kwenye kufunga jioni umenipata, nakubali. Ila bado nasema mtu ambaye ana duka moja Tanga na hana mpango wa kwenda popote, Tanzania hatubadilishi saa kiangazi wala masika, kuna ubaya gani kuhifadhi saa za hapa hapa tangu mwanzo? Mnatufanya tuongeze na kutoa masaa kila ripoti.

bi_chuda

Ukianza hivyo tangu siku ya kwanza na seva haihami, sina ugomvi mkubwa. Ugomvi ni pale seva inapohama.

tanga_raha_tele

Samahani naingilia, mi nimekopi ile ya Bi Chuda nikaibandika kwenye yangu, ni mgahawa Ngamiani tunafunga saa tano usiku. Kabla ya hapo nilikuwa niko sawa, sa hivi mauzo yote ya kuanzia saa tatu usiku yamehamia kesho yake. Mmeniharibia wazee.

bi_chuda

Pole. Kolamu yako nadhani ni `TIMESTAMP` na muunganisho wako umeshawekwa `+03:00`. Aina hiyo MySQL inakugeuzia yenyewe wakati wa kusoma, na wewe ukageuza tena, jumla masaa sita. Saa tatu usiku ukiongeza matatu ni saa sita, ndo maana pamekatika hapo hapo. Angalia:

```sql
SELECT @@session.time_zone;
SHOW COLUMNS FROM mauzo;
```

Kama ndivyo, toa `CONVERT_TZ` urudi ulikokuwa. Na kila mtu anayekopi hapa afanye lile la risiti kwanza. Karatasi na databesi zikisoma saa ile ile usigeuze kitu.

tanga_raha_tele

Ni `+03:00` kweli. Nimetoa, imerudi. Basi sawa nimesamehe.

mpwani_wa_dunda

Mimi niko Bagamoyo, nimetumia jina badala ya namba, `'UTC'` na `'Africa/Dar_es_Salaam'`, kwa sababu nyumba yetu ya wageni inapokea malipo ya watu wa Ulaya na huko saa zinabadilika Machi na Oktoba, wakati mwingine nataka kuona muda wa kwao pia. Cha ajabu ripoti nzima imekuwa mstari mmoja, siku imeandikwa `NULL` na jumla ni ya miaka yote. Sikupewa kosa lolote.

bi_chuda

Majina hayajapakiwa kwenye hiyo MySQL. Ikikuta jina isilolijua haigombi, inarudisha `NULL` kimya kimya, na mistari yote yenye `NULL` inaingia kundi moja. Kwenye Linuksi:

```
mysql_tzinfo_to_sql /usr/share/zoneinfo | mysql -u root -p mysql
```

Na uko sahihi kutaka jina. `+03:00` kwa Tanzania inatosha, ila kwa mteja wa Berlini ukiandika `+01:00` utakuwa sahihi wakati wa baridi na utakosea saa nzima wakati wa joto. Lakini jumla za siku za nyumba yako ya wageni zifuate saa za Bagamoyo, hela inahesabiwa Bagamoyo, saa ya mteja ni ya kuangalia tu.

kijana_wa_sahare

Wakuu nimerudi na sio kwa furaha. Septemba, Agosti na Julai zimekaa, nimelinganisha na daftari la shangazi na Z za EFD siku kwa siku. Mei na Aprili ambazo zilikuwa SAWA zamani, sasa hivi zimeharibika. Nikifuta kubadilisha zinakaa, nikiweka zinaharibika.

bi_chuda

Seva ilihama lini?

kijana_wa_sahare

...Juni. Kompyuta ya pale kibandani iliungua kwa umeme, nikahamisha databesi kwenye seva ya kukodi. Sikuwahi kufikiria.

bi_chuda

Sasa ndo kile nilichokuwa namwambia fundi. Kompyuta ya kibandani ilikuwa na saa za Tanzania, ya kukodi iko UTC. Kolamu moja, lugha mbili. Hakikisha kwa macho, piga hii:

```sql
SELECT MONTH(created_at) AS mwezi, HOUR(created_at) AS saa, COUNT(*)
FROM mauzo
GROUP BY mwezi, saa
ORDER BY mwezi, saa;
```

Kibanda chenu kina saa yake ya fujo ambayo haibadiliki mwaka mzima, nadhani alfajiri boti zikirudi. Angalia mwezi kwa mwezi hiyo fujo inaonekana saa ngapi.

kijana_wa_sahare

Fujo kubwa ni saa kumi na moja alfajiri. Aprili na Mei iko kwenye 5. Julai kuja huku iko kwenye 2. Juni ina vilima viwili, kimoja 5 kimoja 2. Yani inaonekana kama picha.

bi_chuda

Basi tafuta mpaka wenyewe. Usitafute kwa muda, muda ndo mgonjwa, tafuta kwa `id`. Zipange kwa `id` siku zile za Juni, kuna mahali namba itaendelea kupanda lakini saa itarudi nyuma karibu masaa matatu. Hapo ndo seva ilibadilika.

kijana_wa_sahare

Nimepaona! `id` 48210 ina saa 19:41 jioni, inayofuata 48211 ina 17:03 tarehe ile ile. Nakumbuka kabisa, nilimaliza kuhamisha baada ya swala ya isha, saa mbili na dakika tatu usiku ndo tuliuza ya kwanza kujaribu.

bi_chuda

17:03 ya UTC ni saa mbili na dakika tatu usiku ya huku, imekubali. Chukua bakapu, alafu yale ya zamani yarudishe nyuma ili kolamu yote iwe UTC:

```sql
UPDATE mauzo
SET created_at = created_at - INTERVAL 3 HOUR
WHERE id <= 48210;
```

Mara MOJA tu. Ukiipiga mara mbili haitakwambia, itatoa masaa matatu mengine. Ukimaliza kapige tena ile ya vilima, fujo inatakiwa iwe kwenye 2 miezi yote.

Na kwenye ripoti ya siku moja usiandike `WHERE DATE(created_at) = ...`, itakurudisha kwenye siku ya seva. Weka mipaka ya UTC wazi, Jumamosi yetu inaanza Ijumaa saa 21:00 ya kwao:

```sql
SELECT SUM(kiasi) FROM mauzo
WHERE created_at >= '2025-09-19 21:00:00'
  AND created_at <  '2025-09-20 21:00:00';
```

mpwani_wa_dunda

Nauliza, na yale mauzo ya simu isiyokuwa na mtandao? Sisi mtandao ukikata app inahifadhi kwenye simu alafu inatuma baadaye, kwaiyo `id` haifuati mpangilio wa kuuza.

bi_chuda

Hapo umenishika. Kama simu inatuma muda wake yenyewe basi mpaka wa `id` haumhusu huyo, inabidi ujue app iliandika saa gani, ya simu au ya UTC. Kijana, wewe unayo hiyo?

kijana_wa_sahare

Ninayo, nilianza nayo Mei. Inatuma saa ya simu bila kugeuza, na inaendelea mpaka leo. Nimehesabu ni mauzo 37 tangu nianze. App nitairekebisha itume UTC, hayo 37 nitayapitia na risiti moja moja, ila zingine karatasi zimeshafutika, sijui ntafanyaje.

mzee_wa_raskazone

Nimesoma yote nimeelewa nusu. Lakini nina swali, siku yenyewe mnaihesabu kuanzia saa sita usiku kwa nini? Mvuvi anatoka magharibi anarudi asubuhi, huo ni usiku mmoja, dau moja, mgao mmoja. Nyie mnaukata katikati wakati watu wako baharini.

bi_chuda

Mzee hilo swali ni zuri kuliko langu. Inawezekana kabisa, ukishageuza kuwa saa za huku unarudisha nyuma masaa 12 ndo unatoa tarehe, siku inakatwa saa sita mchana na usiku unabaki mzima. Ila lazima droo nayo ihesabiwe saa sita mchana. Na haitaenda sambamba na Z ya EFD kama wanaitoa usiku.

fundi_makorora

Msimwongezee shangazi wa watu mambo.

kijana_wa_sahare

Apdeti ya mwisho wadau. Nimepiga `UPDATE` jana usiku, vilima vyote viko kwenye 2. Septemba nzima nimeilinganisha na daftari, siku 29 zimekubali, tarehe 24 tu ndo imepungua 4,000 na dogo mwenyewe amekiri alimkopesha mtu barafu akasahau kuandika. Shangazi amemrudishia ile 120,000 kutoka kwenye kibubu, maana kumbe riziki yote ile ilikuwa ni hela ya dukani. Nimemsomea na maneno ya Mzee wa Raskazone. Ameniambia leo leo nimwekee siku ianze magharibi, na akasema magharibi ya Desemba na ya Juni haziingii saa ile ile, kwaiyo mfumo uwe unajua. Bi Chuda bado upo?